Kabla makato hayajarudi: R01, R02 na wenzake

Mwezi wangu wa kwanza kama mweka hazina wa chama cha kuzikana hapa Minnesota, nilituma kundi la makato ya wanachama 40, dola 25 kila mmoja, kwa ACH, mfumo wa benki za Marekani wa kuhamisha pesa kati ya akaunti. Ijumaa dola 1,000 ziliingia. Jumamosi nikaandika hundi ya dola 1,000 kwa familia iliyofiwa. Jumanne asubuhi benki ikaondoa dola 50, kwa kuwa makato mawili yalikuwa yamerudi. Hundi ikapelea, na aibu ikawa yangu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalenda. Benki ya mwanachama ina siku mbili za kazi baada ya siku ya malipo kurudisha kato kwa sababu za kawaida, kama salio dogo au akaunti iliyofungwa. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Pesa zilizoingia Ijumaa zisiguswe hadi Jumatano, hata kama zinaonekana kwenye salio.

La pili, kabla ya kutuma, hifadhi nakala ya faili lenyewe la makato pamoja na orodha inayoonyesha kila mwanachama yuko mstari wa ngapi. Bila orodha hiyo, taarifa ya makato yaliyorudi itakutoa jasho. Benki nyingi huonyesha jina na msimbo wa sababu, kama R01, kwenye tovuti yao, lakini ukipewa faili ghafi, tafuta mstari unaoanza na 799. Wangu ulianza hivi:

```
799R01123456780000014
```

Ile 7 ni mstari wa nyongeza, na 99 maana yake kato limerudi. Ukikuta 98 badala ya 99, hakuna kilichorudi: benki inakuomba tu usahihishe taarifa za akaunti. Herufi tatu zinazofuata ndizo sababu. Baada ya hapo kuna tarakimu 15 za namba ya ufuatiliaji ya kato lako la awali: nane za kwanza ni za benki yako iliyotuma kundi, saba za mwisho ni namba ya kato. Hapa ni 14, basi nikafungua orodha, nikahesabu hadi wa kumi na nne. Alikuwa mzee mmoja ambaye mshahara wake huingia tarehe 7, nasi tulikata tarehe 5.

R01 ni salio halitoshi. Akaunti ipo na namba ni sahihi, ila pesa hazikufika. Kato hilo unaruhusiwa kulituma tena, mara mbili tu, ndani ya siku 180, kwa kiasi kilekile, na kwenye sehemu ya maelezo liandikwe RETRY PYMT. Usichomeke faini humo. Ila kabla ya kubonyeza, mpigie mtu simu umuulize tarehe ya mshahara. Tulipohamishia kato la mzee tarehe 8, halikurudi tena.

R02 ni akaunti imefungwa, na hapa kurudia hakusaidii kitu. Mwenye kato la pili alikuwa amehama benki bila kutuambia. Tulichohitaji ni namba mpya na saini yake kwenye fomu mpya ya ruhusa. Usiichanganye na R03, ambayo husema akaunti haikuonekana au jina halilingani na namba. Mara nyingi hiyo ni kosa la kuandika, hivyo kagua fomu kwanza kabla ya kumsumbua mtu. R04 inafanana nayo: namba yenyewe haina umbo la namba ya akaunti.

Zipo zinazochelewa, na hizo ndizo zinazouma. Wiki tatu baadaye nilipata R10, yaani mwenye akaunti ameiambia benki kwamba hakijui chama chetu au hakukipa ruhusa. Kwa akaunti ya mtu binafsi, kato la namna hiyo linaweza kurudishwa hadi siku 60. Dada huyu alikuwa ameturuhusu kabisa, na fomu ninayo. Tatizo lilikuwa jina. Nafasi ya jina la mkataji kwenye faili ni herufi 16 tu, na jina letu refu lilikatwa katikati ya neno. Akaona kitu asichokijua, akalalamika. Sasa tunatumia kifupi ambacho wanachama wote wanakijua, na tumewaonyesha jinsi kitakavyotokea kwenye taarifa zao.

Mkipandisha ada, tangazeni kabla. Ruhusa ikisema dola 25 nawe ukakata 30, kato linaweza kurudi kwa R11: ruhusa ipo, lakini hukufuata masharti yake. Hilo angalau hurekebishika kwa kutuma kiasi sahihi. Fomu za ruhusa zitunze hadi miaka miwili baada ya mwanachama kujitoa. Zangu zimo kwenye kabati la jikoni, nyuma ya vikombe vya wageni.