Jinsi ya kuandika upya aya ya fasili kwenye mapitio ya maandiko: tuchukue "mtaji wa kijamii"

Kuna aya moja naikuta kwenye sura ya pili ya karibu kila tasnifu ninayoletewa kuhariri. Inaanza na "dhana hii haina maana moja inayokubalika na wote", inafuata foleni ya majina na miaka, huyu kasema hivi yule kasema vile, alafu mwishoni mwandishi anachomoa mmoja kama anayechomoa karata. Supavaiza anaandika pembeni "kwa nini huyu?", mwanafunzi anaenda kuongeza majina mengine matatu, wakati hakuulizwa majina.

Mfano wa leo nimeutunga mwenyewe ila wenzake nawasoma kila mara. Utafiti unauliza: je, mtaji wa kijamii unawasaidia wahitimu wapya kupata kazi ya kwanza mapema? Wahojiwa wote wamehitimu chuo kimoja mwaka mmoja, kila mtu anajaza dodoso lake. Aya yenyewe hii hapa:

"Mtaji wa kijamii ni dhana yenye maana nyingi. Bourdieu (1986) anasema ni rasilimali zinazotokana na mtandao wa kudumu wa watu wanaojuana. Coleman (1988) anaueleza kwa kazi unayoifanya. Putnam (1993) anasema ni kuaminiana, kanuni na mitandao vinavyorahisisha ushirikiano. Portes (1998) anakosoa baadhi ya fasili hizi. Utafiti huu umetumia fasili ya Putnam kwa kuwa ni maarufu na imetumiwa na watafiti wengi."

Hakuna uongo humo ndani. Shida ni kwamba ukimtoa Putnam ukamweka Coleman, sentensi ya mwisho bado inasomeka vizuri tu, na sababu inayomfaa kila mtu haijamtetea yeyote.

Hatua ya 1: iache aya, fungua dodoso

Najua inaonekana kama kurudi nyuma, sura ya pili unairekebisha kwa kusoma sura ya tatu, ila ndo njia yenyewe. Andika kwenye karatasi sentensi moja: napima nini, cha nani, kwa maswali gani. Kwa mfano wetu inakuwa hivi: "napima watu anaowajua kila mhitimu na walichonacho watu hao, kwa kumuuliza mhitimu mwenyewe." Basi. Humo hamna kuaminiana, hamna kanuni, hamna jamii nzima. Yaani kabla hata ya kusoma mtu, Putnam ameshaanza kuyumba, kwa sababu mwandishi kamweka mlangoni lakini ndani ya nyumba hayupo.

Hatua ya 2: tafuta wanapogombana, usipange majina

Aya mbovu hupangwa kwa watu, nzuri hupangwa kwa ugomvi. Kwa mtaji wa kijamii ugomvi upo mwingi, sisi tunahitaji miwili tu inayogusa utafiti wetu.

Wa kwanza: ni mali ya nani? Putnam alikuwa analinganisha mikoa ya Italia, kwa nini serikali za mikoa mingine zinafanya kazi vizuri na nyingine zinasuasua, kwa hiyo kwake mtaji huu ni wa jamii. Bourdieu anaongelea rasilimali ambazo mtu anazifikia kwa sababu yumo kwenye kundi fulani, na mtu anaweza kuwa nazo nyingi kuliko jirani yake.

Wa pili: unautambuaje, kwa jinsi ulivyo au kwa matokeo yake? Hapa ndo Coleman anapoingia. Yeye anasema wazi kwamba anaufasili kwa kazi yake, ni yale mambo ya muundo wa mahusiano yanayomrahisishia aliyemo kufanya jambo lake. Ana mfano mzuri wa wafanyabiashara wa almasi wa New York wanaokabidhiana mfuko wa mawe ya thamani kwenda kuyakagua bila mkataba wala bima, kwa sababu wamefungwa pamoja na undugu, dini na ujirani. Ukisoma unaona kabisa anachosema. Lakini umeona ametambuaje kwamba huo ni mtaji? Kwa sababu umefanya kazi.

(Na tafadhali uisome makala yenyewe. Ukimnukuu Coleman kupitia mtu aliyemfupisha, hilo neno "kwa kazi yake" ndo huwa la kwanza kupotea, na ndo uti wa mgongo wa hoja yote.)

Hatua ya 3: pandikiza fasili ndani ya swali lako

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na inachukua dakika kumi. Chukua dhanio lako, futa neno "mtaji wa kijamii", bandika fasili mahali pake, alafu soma kwa sauti.

Kwa Coleman: "Mahusiano yanayorahisisha mtu kufikia lengo lake yanamsaidia mhitimu kufikia lengo lake la kupata kazi." Umesikia? Ni kusema dawa inayoponya huponya. Utafiti umeshajijibu kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Portes mwaka 1998 aliligusa hili, alidai tutenganishe vitu vitatu: anayepata, wanaompa, na kinachotolewa, kwa sababu vikichanganywa hoja inakuwa duara.

Kwa Putnam: "Kuaminiana, kanuni na mitandao ya jamii inamsaidia mhitimu kupata kazi mapema." Hii siyo duara, ila wahitimu wote wametoka chuo kimoja mwaka mmoja, sasa jamii ya kulinganisha na jamii iko wapi? Kama wote wana mtaji uleule hauwezi kueleza kwa nini huyu kapata kazi mwezi wa pili na yule mwezi wa kumi na nne. Kuna watakaosema si utamuuliza kila mtu anawaamini wengine kiasi gani. Sawa unaweza, lakini hapo umepima tabia ya mtu, siyo kile Putnam alichokiongelea, na mtahini mkali atakukamata hapohapo.

Kwa Bourdieu: "Rasilimali, zilizopo au zinazowezekana, ambazo mhitimu anazifikia kupitia mtandao wa kudumu wa watu wanaojuana na kutambuana zinamsaidia kupata kazi mapema." Hii inaweza kuwa kweli na inaweza kuwa uongo. Mtu anaweza kujuana na mameneja watano na bado akakaa nyumbani. Ndo maana inafaa kutafitiwa.

Sasa angalia hilo neno "zinazowezekana", maana linarudi kukuuma kwenye dodoso. Kama swali lako ni "nani alikusaidia kupata kazi?", umewahesabu wale tu ambao msaada wao ulizaa matunda, na lile duara la Coleman limeingia kwa mlango wa nyuma ingawa jina la Bourdieu liko juu. Inabidi uulize na waliopata na waliokosa: unamjua mtu anayeajiri? unamjua anayeweza kukusomea barua ya maombi? unamjua aliyemo kwenye fani yako? Mimi mwenyewe niliwahi kugundua hili data zikiwa zimeshakusanywa, nikabaki kuandika kurasa mbili za kujitetea kwenye mipaka ya utafiti, na zilisomeka hivyohivyo, kama za kujitetea. Kwa hiyo fanya zoezi hili kabla hujaenda uwandani.

Hatua ya 4: sema umepoteza nini

Watu wanaogopa hapa, wanadhani kukiri hasara ni kujidhoofisha. Kwa ninavyoona mimi ndo sentensi inayomfanya msomaji akuamini, kwa sababu inaonyesha uliangalia kote kabla ya kuchagua. Kwetu hasara ni mbili. Kuaminiana kunatoka nje ya fasili, na hakuwezi kupotea tu hewani, kwa hiyo useme umekuweka wapi. Pili, Bourdieu ana nadharia nzima ya matabaka na jinsi aina moja ya mtaji inavyogeuzwa kuwa nyingine. Kama huibebi yote, sema, usiache mtahini akuulize yako wapi matabaka.

Hatua ya 5: sasa andika

Mpangilio ninaotumia ni ugomvi kwanza, alafu unaowaacha na sababu inayotokana na utafiti wako, alafu unayemchukua, alafu hasara. Unaowaacha waheshimu, onyesha fasili yao inafaa wapi. Inatoka hivi:

"Watafiti wa mtaji wa kijamii wanatofautiana katika mambo mawili yanayougusa utafiti huu: nani anaumiliki, na kama unatambuliwa kwa jinsi ulivyo au kwa matokeo yake. Kwa Putnam (1993) ni kuaminiana, kanuni na mitandao inayoiwezesha jamii kushirikiana. Fasili hiyo inafaa kulinganisha jamii na jamii, kama alivyolinganisha mikoa ya Italia, lakini tofauti inayotafutwa hapa ni kati ya mhitimu na mhitimu wa chuo kimoja. Coleman (1988) anakaribia zaidi kwa kuwa anamtazama mtu na malengo yake, ila anaufasili mtaji huo kwa kazi unayoifanya. Portes (1998) ameonyesha hatari ya kuchanganya rasilimali na mahusiano yanayozileta, na katika utafiti huu mchanganyiko huo ungefanya jibu lijulikane kabla ya data. Kwa hiyo utafiti unamfuata Bourdieu (1986): mtaji wa kijamii ni rasilimali, zilizopo au zinazowezekana, ambazo mhitimu anazifikia kupitia mtandao wa kudumu wa watu wanaojuana na kutambuana. Kwa fasili hii mhitimu anaweza kuwa na mtaji mkubwa na bado akakosa kazi, na uhusiano huo ndio unaopimwa. Kuaminiana hakuhesabiwi kuwa sehemu ya mtaji wenyewe, bali sababu inayoweza kumfanya mtu akubali au akatae kutoa alichonacho. Nadharia ya Bourdieu kuhusu matabaka haijaribiwi hapa."

Majina ni yaleyale manne, sijaongeza hata moja. Aya imerefuka karibu mara tatu, ila ukijaribu kumtoa Bourdieu na kumweka Putnam sasa hivi aya nzima inabomoka, na hicho ndo kipimo changu.

Hatua ya 6: kamata masalia

Bonyeza `Ctrl+F`, andika "mtaji wa kijamii", pitia kila mahali linapotokea kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila mahali pandikiza fasili kama kwenye hatua ya 3. Sura ya nne huwa haina shida sana kwa sababu inafuata dodoso. Sura ya tano ndo yenyewe, unakuta "wahitimu walionyesha mtaji wa kijamii wa hali ya juu kwa kuaminiana na kushirikiana", Putnam huyo karudi na begi lake. Alafu tafuta "kuaminiana" peke yake, maana huwa linajificha kwenye mapendekezo, na angalia ikisiri, ambayo mara nyingi iliandikwa miezi sita kabla ya aya hii na hakuna aliyeikumbuka.