Kumsomea mgonjwa wako nyumbani: hatua kwa hatua

Nasomesha chuo cha Qur-ani hapa Wete, Pemba, na jambo ninaloitiwa zaidi kuliko harusi na hitima ni kwenda kumsomea mgonjwa dua. Mara nyingi nikifika nakuta mtoto wa mgonjwa amekaa pembeni ya kitanda, anajua kusoma vizuri tu, ila anasubiri ustadhi aje. Huo si utaratibu. Mtu wa kwanza wa kumsomea mgonjwa ni mgonjwa mwenyewe, kisha wa damu yake. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa ajili ya mtoto, mjukuu au ndugu, na mfano nitakaoutumia ni wa bibi yangu mzaa mama, aliyeanguka uani akavunjika nyonga, akarudishwa nyumbani kutoka hospitali akiwa hawezi kugeuka kitandani.

Kabla hujafungua mdomo

Piga hodi hata kama ni chumba cha mama yako. Mgonjwa anaweza kuwa anabadilishwa nguo au anasafishwa, na aibu inamuuma kuliko maradhi. Tia udhu ukiweza, ni adabu nzuri, lakini usiache kumuombea kwa sababu huna udhu. Mabinti huniuliza sana kuhusu siku zao: dua nitakazozitaja hapa si aya za Qur-ani, kwa hiyo aliye katika hedhi azisome bila wasiwasi, na sura awaachie wengine.

Punguza watu. Siku ile chumbani kwa bibi walikuwapo wanawake wanane, kila mmoja na habari ya jamaa yake aliyevunjika akafa. Nikawaomba watoke ukumbini wakanywe chai. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba tukihudhuria kwa mgonjwa au maiti tuseme kheri tu, kwani malaika huitikia amin kwa yale tunayoyasema. Sasa fikiria malaika wanaitikia nini mtu akisema, "Huyu hamalizi mwezi."

Hatua ya kwanza: muulize, kisha mpe neno la kwanza

Kaa karibu na kichwa chake ili asilazimike kuinua shingo. Muulize panapomuuma leo, usikisie.

"Bibi, leo panakuuma wapi?"

"Hapa nyongani, baba. Na mguu mzima unawaka moto."

Hapo ndipo panaposemwa *La ba-sa, tahurun in shaa Allah*: hapana neno, ni tohara Mungu akipenda, yaani maradhi haya yanakusafisha. Lakini litazame neno hili lilipotoka. Mtume alimwambia bedui mzee aliyekuwa na homa, na yule mzee akakataa: akasema hii ni homa inayochemka juu ya mzee, itampeleka makaburini. Mtume hakubishana naye wala hakumhutubia, alimjibu tu kwamba basi itakuwa hivyo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Mimi najifunza mambo mawili humo. Neno la kumpa mgonjwa ni fupi. Na mgonjwa akikata tamaa mbele yako, usimgombeze kwamba hana imani.

Hatua ya pili: mkono wake mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na mimi naiona ndiyo moyo wa kazi yote. Sahaba Uthman bin Abil-As alimlalamikia Mtume maumivu ya mwili wake. Mtume hakumwekea mkono yeye. Alimwambia: weka mkono wako mahali panapouma, sema *Bismillah* mara 3, kisha sema mara 7:

*Audhu billahi wa qudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhiru.*

Maana yake: najikinga kwa Mwenyezi Mungu na kwa uwezo wake na shari ya hiki ninachokisikia na ninachokiogopa. Neno *uhadhiru* linagusa ile hofu ya mgonjwa, sio maumivu peke yake. Bibi aliogopa asije akaoza mgongo kwa kulala. Nilipomfasiria neno hilo akatikisa kichwa, akataka arejee tena.

Mkono wake ulikuwa hauna nguvu za kufika nyongani, basi niliuchukua mkono wake nikauweka mimi, juu ya kanga, polepole, bila kubonyeza. Bibi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, alifanya mfano wa hivyo katika maradhi ya mwisho ya Mtume: alisoma yeye, akampangusa kwa mkono wa Mtume mwenyewe akitaraji baraka zake. Mgonjwa asiyeweza kutamka, msomee sikioni naye afuate moyoni. Usimlazimishe kukamilisha 7 ikiwa pumzi inamkatika.

Hatua ya tatu: mkono wako wa kulia

Sasa mpanguse kwa mkono wako wa kulia, ikiwa wewe ni maharimu wake. Kama si maharimu, soma tu bila kumgusa. Dua yenyewe:

*Allahumma Rabban-nasi, adh-hibil-ba-sa, ishfihi wa Antash-Shafi, la shifaa illa shifauka, shifaan la yughadiru saqaman.*

Ewe Mola wa watu, ondoa dhara hii, mponye, na wewe ndiye Mponyaji, hapana pozo ila pozo lako, pozo lisiloacha maradhi nyuma.

Angalia pahali pawili. *Ishfihi* ni mponye mwanamume. Kwa bibi, mama, dada, sema *ishfiha*. Na usiidondoshe ile *la* ya mwisho. Nimewahi kumsikia kijana akisoma kwa haraka "shifaan yughadiru saqaman", na hapo ameomba pozo linaloacha ugonjwa. Mungu anajua nia yake, lakini ulimi uzoeshwe. Maandishi ya Kiswahili hayawezi kubeba ile *q* ya *saqaman* wala kutenganisha *dh* ya *adh-hib* na ile ya *Adhim* itakayokuja sasa hivi. Kwa hiyo hii niliyoandika ni ya kukumbushia tu. Tafuta mtu wa chuoni akusikilize mara 2 au 3.

Hatua ya nne: mara saba

*As-alullahal-Adhim, Rabbal-Arshil-Adhim, an yashfiyaka.*

Namuomba Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa Arshi tukufu, akuponye. Husomwa mara 7 mbele ya mgonjwa. Kwa mwanamke malizia *an yashfiyaki*. Hapa kosa ni la kila nyumba, watu wamehifadhi *yashfiyaka* tangu utotoni, wanamsomea mama yao kama wanamsomea baba. Hesabu kwa vidole vya mkono wa kulia. Ukipotea hesabu, shika idadi uliyo na yakini nayo uendelee.

Hadithi ya dua hii ina sharti lililotajwa wazi: mgonjwa ambaye ajali yake, yaani siku yake ya kufa, haijafika. Watu hulisahau sharti, mgonjwa akifa wanabaki kujiuliza nani alikosea kusoma. Hakuna aliyekosea. Dua hii haikuwekwa kushindana na ajali.

Ukitaka, funga kwa Fatiha, Ikhlas, Falaq na Nas huku ukipuliza kidogo viganjani na kumpangusa. Kupuliza huko kumepokewa, nami nakufanya. Ila penye kidonda kilicho wazi, mshono mbichi, au mgonjwa wa kifua, naacha kupuliza na kupangusa pale, nasoma tu. Mate ya msomaji si dawa ya kidonda cha kisukari.

Yote haya, kwa bibi, yalichukua kama robo saa. Nilisoma kwa sauti ambayo yeye anaisikia na aliye mlangoni haisikii. Kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Dua na dawa kitanda kimoja

Mama alikuwa anangojea tumalize ndipo ampe vidonge vyake. Nikamwambia mpe kwanza, saa yake imefika, sisi tutaendelea. Mtume ameamrisha watu watafute dawa, na kumsomea mgonjwa hakuisogezi saa ya dawa hata dakika moja.

Yapo mambo ambayo ukiyaona hufungui kitabu chochote, unatafuta gari: pumzi inayomshinda, mdomo uliokwenda upande au ulimi uliokuwa mzito ghafla, damu isiyokatika, mtoto mwenye degedege. Hili la degedege nalitaja kwa sababu huku kwetu bado wapo wanaosema ni jini, wakamfukiza mtoto ubani ndani ya kanga wakati homa inampanda. Soma ndani ya gari. Dua haihitaji mkeka.

Na kombe, yaani aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji mgonjwa akanywa, je? Wapo masheikh wanaoliruhusu na wapo wanaolikataa, sitaingia humo. Nasema hivi tu: likiandikwa, liwe la zafarani ya kula, kwenye sahani safi, kwa maji ya kunywa, wala lisiwe la wino wa dukani. Mgonjwa aliyeambiwa asile wala asinywe kabla ya kupasuliwa hapewi kombe, hata funda moja. Msomaji anayetaka kuku wa rangi fulani, anayeuliza jina la mama wa mgonjwa, au anayenong'ona maneno asiyokubali kuyafasiri, mshukuru na umsindikize mlangoni. Mtume aliwaambia Masahaba wamuonyeshe visomo vyao, akasema havina ubaya madhali hamna shirki ndani yake. Maana yake kisomo ni kitu cha kuonyeshwa, si cha kufichwa.

Walio mbali

Binamu zangu walipiga simu kutoka Maskati wakitaka niweke spika wamsomee bibi wote kwa zamu. Nilikataa, alikuwa amelala. Niliwaambia wamuombee huko huko waliko, kwa sababu anayemuombea ndugu yake kwa siri, malaika huitikia amin na kumwambia nawe upate mfano wake. Kwa mwanamke aliye mbali tumia *ishfiha*, kwani *yashfiyaki* ni maneno ya ana kwa ana.

Akizidiwa

Mgonjwa akisema bora nife, usimfokee. Mfundishe dua iliyowekwa pahala pa neno hilo: *Allahumma ahyini ma kanatil-hayatu khairan li, wa tawaffani idha kanatil-wafatu khairan li.* Nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe kifo kitakapokuwa ni kheri kwangu. Bibi aliisoma usiku wa nne, maumivu yalipomkeshesha. Na ikidhihiri kwamba anakwenda, basi ni *La ilaha illallah* karibu na sikio, kwa upole. Akishaisema usiirejee mpaka azungumze neno jingine.

Bibi hakwenda. Sasa anatembea kwa fimbo, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo, na akifika baraza ya jirani anapumzika. Alfajiri ukipita chumbani kwake unamkuta ameweka mkono nyongani, anahesabu vidole. Siku hizi hataki nimsomee hiyo ya mara saba. Anasema mimi naenda mbio.