Kabla ya Kusaini Ofa ya Mauzo Dubai: Soma Muda wa Majaribio na Komisheni kwa Pamoja

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe mnaotafuta kazi za mauzo katika Falme za Kiarabu, na ninyi ambao tayari mko huku na mnataka kuhama kwa mwajiri mwingine, mwongozo huu unahusu jambo moja tu: rasimu ya ofa ikishafika kwenye simu yako, wakala wa ajira aulizwe nini kuhusu muda wa majaribio na komisheni, na majibu yake yapokelewe kwa namna gani. Habari za pasipoti, vipimo vya afya na vyeti mnazijua kutoka nyumbani, kwa hiyo sizirudii.

Ofa ya mauzo huwa na vipengele viwili ambavyo watu husoma kila kimoja peke yake. Kimoja kinasema muda wa majaribio ni miezi sita. Kingine, mara nyingi ukurasa wa pili, kinasema mfanyakazi atapata komisheni ya asilimia fulani kwa mujibu wa sera ya kampuni. Kila kimoja kikisomwa peke yake hakina ubaya. Ni pale vinapokutana kwenye kalenda ndipo mtu anapoumia, na hapo ndipo nilipoumizwa mimi. Niliuza mzigo mkubwa kwa mkandarasi anayelipa kwa mkopo, ankara ikatoka kwa jina langu, na kabla hajalipa nikapewa notisi nikiwa bado kwenye majaribio. Nilipodai komisheni yangu nilionyeshwa sera ambayo haikuwahi kuambatanishwa na ofa: komisheni hulipwa fedha zikishaingia, na kwa mfanyakazi ambaye siku hiyo bado yuko kazini. Wakala, ambaye kwa mdomo aliniahidi kwamba ukiuza umelipwa, alinijibu kwamba yeye si mwajiri.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayokupa msingi wa kuuliza. Sheria ya Shirikisho Namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inasema katika Ibara ya 9 kwamba majaribio hayazidi miezi sita, na kwamba mwajiri yuleyule hawezi kukuweka kwenye majaribio mara mbili. Mwajiri akitaka kukuachisha ndani ya muda huo anatakiwa akupe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 14. Wewe ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine humohumo nchini, unatakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anayemfidia wa zamani gharama za kukuajiri isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Ukitaka kuondoka nchini kabisa, notisi ni siku 14. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kukutoza wewe gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo rasimu ikisema majaribio yanaweza kuongezwa hadi miezi tisa, au kwamba ukiondoka mapema utalipia viza yako, hilo ni swali la kwanza la kumpelekea wakala. Maeneo huru ya kifedha ya DIFC mjini Dubai na ADGM mjini Abu Dhabi yana sheria zao za kazi, hivyo uliza mapema kampuni imesajiliwa wapi.

Komisheni ni jambo jingine kabisa. Mshahara wa msingi na posho huandikwa kwa tarakimu kwenye mkataba unaosajiliwa katika wizara inayosimamia kazi. Namna ya kukokotoa komisheni, kwa sehemu kubwa, imeachwa mikononi mwa mliokubaliana, na kama mlichokubaliana ni maneno ya "sera ya kampuni" bila sera yenyewe, basi mmekubaliana na karatasi ambayo hamjaiona na ambayo upande mmoja unaweza kuibadilisha. Narudia: usisaini ofa inayotaja sera ya komisheni ambayo hujaisoma.

Tuchukue mfano. Ofa inasema mshahara wa msingi ni dirham 2,500, posho ya nyumba 1,000 na usafiri 500, jumla 4,000. Komisheni ni asilimia 3 ya mauzo kwa lengo la dirham 60,000 kwa mwezi. Umeanza kazi tarehe 1 Septemba, majaribio yanaisha mwishoni mwa Februari. Mwezi Januari umeuza bidhaa za dirham 80,000, na wateja wako wote wana mkopo wa siku 60. Umepata komisheni ya dirham ngapi?

Kama ukishafikia lengo unalipwa kwa mauzo yote, ni dirham 2,400. Kama unalipwa kwa kile kilichozidi lengo tu, ni asilimia 3 ya 20,000, yaani dirham 600. Sentensi iliyoko kwenye ofa inaruhusu majibu yote mawili, na tofauti yake ni mara nne. Tena, kama kinachohesabiwa ni fedha zilizoingia, mwezi Januari umepata sifuri, kwa sababu wateja watalipa mwezi Machi. Sasa fikiria umepewa notisi tarehe 10 Februari na siku yako ya mwisho ni tarehe 24. Wateja wanalipa Machi, kampuni inapokea dirham 80,000 zote, na wewe, kama sera inamtaka mfanyakazi awe kazini siku ya malipo, hupati hata dirham moja. Hakuna sheria ya majaribio iliyovunjwa hapo: notisi imetolewa kwa maandishi, na siku 14 zimetimia.

Kuna mtego wa pili unaofanana na huo, na unawavuta zaidi wanaotoka nyumbani moja kwa moja. Ofa inaahidi "komisheni ya uhakika" ya dirham 1,500 kila mwezi wakati wa majaribio. Uliza neno moja tu: inarudishwa? Mara nyingine fedha hiyo ni ya nyongeza, ni yako. Mara nyingine ni fedha ya kutangulizwa, ambayo kampuni itaikata kwenye komisheni utakayoipata baadaye. Katika mfano wetu, mwezi ambao umestahili 600 lakini umetangulizwa 1,500, umebaki na deni la 900, na deni hilo linasonga mbele mwezi hadi mwezi. Mtu anamaliza majaribio akiwa na deni kwa mwajiri wake, na bado anadhani ameajiriwa vizuri.

Hapa naomba niseme na wazazi na wajomba zetu kwa heshima zote. Dalali wa mbao pale Mafinga hupokea chake palepale mzigo unapolipiwa, na ndiyo maana mkisikia kijana ameuza mzigo mkubwa Dubai mnahesabu kwamba fedha anazo. Huku kuuza na kulipwa ni mambo mawili yenye miezi kati yake. Msichukue mkopo wa kikoba kwa kutegemea tangazo linalosema "mapato hadi dirham 8,000". Neno "hadi" halimfungi mtu yeyote. Hesabu ya familia ifanywe kwa ile 4,000 iliyoandikwa, tena baada ya kutoa kodi ya kitanda na chakula.

Sasa wakala. Mara nyingi analipwa na mwajiri, na mara nyingi ameahidi kuleta mtu mwingine bila malipo mapya iwapo uliyeletwa ataondoka mapema. Maana yake ni kwamba naye ana sababu ya kutaka usiondoke katika miezi ya mwanzo. Litumie hilo kwa adabu: mweleze kwamba unauliza ili ubaki kazini, usije ukaondoka kwa kutoelewana kuhusu malipo. Lakini kumbuka kwamba yeye hana mamlaka ya kutafsiri ofa. Jibu lake kwa simu halina uzito wowote siku ya mgogoro. Unachotaka ni apeleke maswali kwa mwajiri, na majibu yarudi kwa maandishi ya mwajiri.

Andika barua pepe fupi kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho watakachosoma, yenye maudhui kama haya:

"Asante kwa rasimu ya ofa, ninayo nia ya kuikubali. Kabla ya kusaini naomba mwajiri athibitishe kwa maandishi mambo haya. Je, komisheni inaanza siku ya kwanza ya kazi au baada ya kuthibitishwa kazini? Je, lengo la mwezi ni lilelile kwa miezi ya mwanzo ya majaribio? Je, asilimia 3 inahusu mauzo yote lengo likifikiwa, au kiasi kilichozidi lengo, na inahesabiwa ankara ikitoka au fedha zikiingia? Je, mkataba wangu ukikoma ndani au baada ya majaribio, nitalipwa komisheni ya mauzo niliyokamilisha ambayo wateja hawajalipa, na kwa muda gani baada ya kuondoka? Naomba pia nakala ya sera ya komisheni, na mfano mmoja wa hesabu kwa mauzo ya dirham 80,000."

Ombi la mwisho ndilo linalofichua zaidi. Mtu anaweza kuzungushia maneno kwenye sera, lakini akilazimika kuandika hesabu ya mwezi mmoja, atakuonyesha anasoma kipengele kwa namna gani. Jibu likija "usijali, komisheni haina kikomo", ujue hujajibiwa. Omba tena hesabu.

Wengi wetu tuliolelewa Nyanda za Juu Kusini tunaona haya kumhoji mtu anayetupa kazi, tukidhani tunaonekana wakorofi. Kwa nilivyowaona watu wa huku, na wametoka mataifa mengi ambayo hayafanani kwa desturi wala lugha, jambo linaloheshimiwa na wote ni karatasi. Meneja atakukaribisha chai, atakuita ndugu, na kwa moyo mweupe kabisa atafuata kilichoandikwa. Sidhani kama ni ukatili. Ni jamii ambayo watu huja na kuondoka, na neno la mdomo huondoka na aliyelisema. Mwenye maswali ya wazi kabla ya kusaini huonwa kama mtu anayejua biashara, hasa kwa kazi ya mauzo ambayo yenyewe ni kujadiliana.

Majibu yakija, omba sentensi moja iongezwe kwenye ofa au kiambatisho chake: kwamba komisheni ya mauzo yaliyokamilishwa kabla ya siku ya mwisho ya kazi italipwa fedha zitakapoingia, hata kama mfanyakazi ameshaondoka. Waajiri wengine watakubali kwa siku 60 au 90 tu, na hiyo ni afadhali ukilinganisha na kutokuwa na kitu. Wakikataa kabisa, unaweza bado kuichukua kazi, ila ihesabu kuwa ya dirham 4,000, na katika miezi miwili ya mwisho ya majaribio elekeza nguvu kwa wateja wanaolipa taslimu badala ya wale wa mkopo mrefu.

Hifadhi rasimu, barua zote na ofa iliyosainiwa mahali pasipo simu ya kazi wala barua pepe ya kampuni, kwa sababu vyote hivyo hufungwa siku ya notisi. Mkataba wa wizarani ukiletwa usaini, ulinganishe na ofa kipengele kwa kipengele. Mshahara wa msingi ukiwa umepungua au kiambatisho cha komisheni kikiwa hakipo, usisaini siku hiyo, mwandikie wakala na mwajiri kwa barua moja ukitaja ukurasa na kipengele, na usubiri jibu.