Taarifa za wateja zikivuja: jinsi ya kuandika tangazo lisilodanganya

Nina duka la mtandaoni hapa Dodoma: mafuta ya alizeti, asali, ubuyu, na zabibu kwa msimu wake. Machi 12, mama mmoja wa Ilazo alinipigia akiwa na hasira. Kuna kijana alikuwa amempigia akisema asali yake kilo tatu imekwama stendi, atume elfu nane itolewe. Kilichomtisha hata si hela. Yule kijana alijua geti lake ni la bluu na kwamba mchana hubaki na mjukuu tu.

Maneno hayo mama aliniandikia mwenyewe, kwenye sehemu ya maelezo ya kufika.

Hivi ndivyo nilivyofanya, pamoja na nilipokosea. Kama duka lako ni dogo na huna fundi wa kudumu, fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Hifadhi ushahidi, halafu ndiyo ufunge

Nililikuta faili la wateja wangu kwenye folda ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua kwa kivinjari. Nililiweka mwenyewe Januari 11 nilipokuwa nahamisha duka, nikasahau kulitoa. Mkono ulikuwa unawasha kulifuta papo hapo. Kwanza nilinakili kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila ombi la kufungua faili la tovuti, kwenye kompyuta yangu, nikaandika ukubwa wa faili na tarehe yake, ndipo nikalifuta. Kazi ya dakika tano. Ukifuta kabla ya kuandika ukubwa, hatua inayofuata itakushinda.

Hatua ya 2: Soma kumbukumbu, na uone zinapoishia

Amri hii hutoa kila mstari unaotaja faili hilo, wateja.csv:

```
grep "wateja.csv" access.log
```

Kati ya mistari iliyotokea, mmoja ulikuwa wa namna hii (anwani nimeibadilisha):

```
203.0.113.45 - - [09/Mar/2025:02:14:37 +0300] "GET /backup/wateja.csv HTTP/1.1" 200 187204
```

Hiyo 200 ni seva inasema "nimempa". Namba ya mwisho ni baiti zilizotoka. Faili langu lilikuwa na baiti 187204 kamili, kwa hiyo huyu hakuchungulia, aliondoka nalo lote. Ungekuta 404 au 403, maana yake aligonga akakosa.

Mistari ya 200 ilikuwa mitatu: mmoja wangu mwenyewe, miwili ya watu nisiowajua. Hapo ndipo ungependa kuandika "faili lilichukuliwa mara mbili" ukalale. Lakini kampuni inayonihifadhia tovuti huweka kumbukumbu za siku 30 tu. Zangu zilianzia Februari 10, na faili lilikuwa wazi tangu Januari 11. Mwezi mzima hauna shahidi. Sentensi sahihi ni hii: "Tangu Februari 10 limechukuliwa mara mbili. Kabla ya hapo hatuna njia ya kujua."

Vilevile sikuandika kwamba aliyelichukua saa nane usiku ndiye aliyempigia mama wa Ilazo. Inawezekana. Kumbukumbu hazisemi hivyo.

Hatua ya 3: Pitia safu moja moja ukijiuliza tapeli ataifanyia nini

Faili lilikuwa na jina, namba ya simu, namba ya oda, bidhaa, na maelezo ya kufika. Maneno ya siri hayakuwemo, wala namba za siri za fedha za simu, ambazo dukani hatuzichukui kabisa.

Hivyo sikumwambia mtu abadilishe neno la siri. Rafiki yangu mwenye duka la nguo alishangaa, maana matangazo mengi huanzia hapo. Lakini neno jipya halifuti geti la bluu kwenye faili la tapeli. Ukimpa mteja kazi isiyomsaidia, ataimaliza, ajione yuko salama, halafu apokee simu ya "kifurushi kimekwama".

Kati ya wateja 1,312, waliokuwa na maelezo ya kufika ni 418. Nikayasoma yote, na si jambo la kufurahisha. "Ufunguo uko chini ya ndoo." "Mume wangu anarudi Ijumaa." "Mwachie dada, mimi niko Mtumba mpaka jioni." Kumi na tisa kati yao niliwapigia mmoja mmoja jioni ile ile, kabla ya tangazo lolote. Wa ndoo alihamisha ufunguo tukiwa bado tunaongea.

Hatua ya 4: Andika meseji, kisha tangazo refu

Mshirika wangu aliandika hivi: "Mteja wetu mpendwa, tunajali usalama wako. Hivi karibuni tulibaini changamoto ndogo ya kimfumo iliyoathiri baadhi ya taarifa." Hakuna mtu atakayejua afanye nini na maneno hayo. "Changamoto ya kimfumo" nilikuwa mimi na folda yangu.

Tulituma hii kwa wale 418:

> Taarifa za oda zako kwetu zimevuja: jina, simu, bidhaa na maelezo ya kufika kwako. Hatupigi kuomba hela ya kifurushi. Ukipigiwa, kata. Maswali tupigie.

Waliobaki walipata hiyo hiyo bila "maelezo ya kufika kwako". Kumtisha mtu kwa kisichomhusu nao ni uongo.

Haina kiungo cha kubonyeza, kwa sababu ndicho tapeli atakachotuma kesho kwa jina letu. Na haizidi herufi 160, ili iende kama meseji moja. Angalia alama za juu: ukinakili "Chang'ombe" kutoka kwenye programu ya kuandikia, ile alama iliyopinda huifanya meseji nzima ihesabiwe kwa herufi 70, na gharama inaruka. Andika alama iliyonyooka.

Tangazo refu liliwekwa juu kabisa ya ukurasa wa duka. Lilitaja tarehe ya kuanza na ya kufunga, safu zilizovuja, kosa la nani, na tusilolijua. Ushauri mkuu ulikuwa wa mambo matatu. Mtu kujua kilo ulizonunua si ushahidi kwamba ametumwa na sisi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na kama umeshatuma hela, piga kwa mtandao wako dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kabla hajaitoa kwa wakala.

Hatua ya 5: Ijulishe Tume

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Niliwapelekea maelezo yale yale niliyowapa wateja. Ukijikuta unaandika matoleo mawili tofauti, moja lina kasoro.

Hatua ya 6: Rekebisha hadharani

Siku nne baadaye niligundua nimesahau safu moja: namba ya oda. Na tangazo lilikuwa limewaambia wateja wamtambue dereva wetu wa bodaboda kwa namba hiyo! Sikuufuta ule mstari. Niliukata kwa mchoro, nikaandika chini yake tarehe na sahihisho, nikatuma meseji ya pili. Sasa mteja huchagua neno lake anapoagiza, na dereva hulitaja getini.

Maelezo ya kufika nayo hayakai tena, yanafutwa siku 14 baada ya mzigo kufika:

```
UPDATE oda SET maelezo_ya_kufika = NULL
WHERE imefika < NOW() - INTERVAL 14 DAY;
```

Mama wa Ilazo aliagiza tena Mei. "Mwanangu, kwa hiyo kila mara nikuelekeze upya?" Nikamwambia ndiyo, mama, kila mara. Akaguna, akaanza: ukitoka lami, kata kushoto.