Umegongwa na gari ukiwa kwenye boda? Barua ya kudai bima inaandikwa hivi

Wanangu wa kijiweni, wengi wetu tuna bima ndogo tu, na hii hailipi pikipiki yako wala mguu wako, inalipa yule uliyemgonga wewe. Kwahiyo ukigongwa na gari na kosa ni la mwenye gari, barua inaenda kwa bima ya hilo gari. Mimi nilipoteza wiki nzima nahangaika kwenye ofisi nilikokatia yangu, mwisho dada wa kaunta akaniambia "kaka, sisi hatuhusiki hapa".

Bima yake utaijuaje? Pale pale kwenye ajali chukua namba ya gari, ukishatulia ingia tiramis.tira.go.tz, weka hiyo namba, itakuletea kampuni na tarehe bima inapoanza na kuisha. Angalia kama siku ya ajali ilikuwa hai.

Kabla ya kuandika chochote nenda polisi. Najua jamaa atakwambia shika elfu hamsini tumalizane, ila ukishakubali na gari likaondoka huna ushahidi tena. Subiri trafiki wapime na kuchora ramani. Kama umeumia wanakupa PF3 ya kwenda nayo hospitali, pikipiki inakaguliwa inatoka PF93, halafu baadae unafuatilia PF90 ambayo ndo ripoti yenyewe ya ajali. Hii PF90 inachukua muda, we nenda tu kila mara uulize.

Sasa barua. Yangu ilikuwa hivi, ajali ya maeneo ya Nanenane:

"YAH: MADAI YA FIDIA, AJALI YA TAREHE 11 MACHI 2025

Mimi ni dereva wa bodaboda, mkazi wa Dodoma. Naleta madai dhidi ya gari namba (…) lililokatiwa bima kwenu, stika namba (…). Siku tajwa, saa 12:40 jioni, nilikuwa natoka Nzuguni kuelekea mjini, nikiwa upande wangu wa kushoto, taa imewashwa, nina abiria mmoja. Gari hilo lilikuwa linatoka mjini, likakata kulia kuingia barabara ya mtaa, likakatisha mbele yangu na kugonga tairi ya mbele ya pikipiki upande wa kulia. Niliumia mguu wa kulia. Ajali iliripotiwa kituo cha polisi, kumbukumbu namba (…). Naomba madai yangu yashughulikiwe na nipewe fomu ya madai. Nimeambatanisha PF90, PF93, ramani ya ajali, PF3, risiti za matibabu, makadirio ya fundi, nakala ya leseni, kadi ya pikipiki na kitambulisho."

Umeona hapo hakuna "alikuja spidi kama kichaa". Spidi yake hukuipima, andika ulikotoka, ulikokuwa unaelekea, nani alikatisha na wapi paligongwa, basi. Na ulinganishe na ramani ya trafiki mstari kwa mstari, mimi barua ya kwanza niliandika mguu wa kushoto kwa haraka zangu wakati PF3 inasema kulia, ikarudishwa. Abiria usimfiche, hata kama mlikuwa mshikaki, maana na yeye ana haki ya kudai kivyake na akija kusema tofauti na wewe ndo imeharibika.

Makadirio ya fundi yawe na mchanganuo, sio "matengenezo 200,000". Yangu: shokapu za mbele 85,000, rimu 45,000, taa 30,000, ufundi 40,000. Usitengeneze kabla mkaguzi wa bima hajaiona, piga na picha kabisa namba ionekane.

Kuna kitu kinawakwamisha wengi, kadi ya pikipiki ina jina la bosi. Ya pikipiki analipwa mwenye kadi, wewe unadai maumivu, matibabu na siku ulizokaa bila kazi. Kwahiyo bosi aandike barua yake au akupe barua ya idhini yenye sahihi, na daftari lako la hesabu au meseji za kutuma hesabu kwa bosi ambatanisha, ndo ushahidi wa kwamba ulikuwa unaingiza.

Barua peleka mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Bila muhuri wiki ya tatu utaambiwa haijafika.

Wakikuita kulipwa watakupa karatasi ya kusaini kwamba umeridhika na hudai tena. Isome kwanza. Kama daktari bado anakuita kliniki usisaini, maana ukishasaini chuma kikitolewa mguuni mwezi wa nane hiyo gharama ni yako. Na wakikuzungusha bila majibu, makao makuu ya TIRA, wale wanaosimamia kampuni zote za bima nchini, yapo hapa hapa Dodoma, nenda na ile nakala yenye muhuri.