Kuyeyusha kuku wa friza kwa maji baridi

Kuku wa kilo moja na robo akitoka friza amekuwa jiwe, ukamwacha mezani, saa kadhaa baadaye ngozi imelegea na kushika joto la jikoni, lakini ukiingiza kidole tumboni unakuta barafu. Mzamishe kwenye maji baridi, ndani ya saa moja na nusu hivi unamkata. Wasaidizi wangu hunibishia: hewa ya Dar ina joto, maji baridi yataishindaje?

Barafu haiyeyuki mpaka ipokee joto, na hewa ni mvivu wa kulipeleka. Maji hulipitisha kama mara 25 zaidi. Tena hewa iliyomgusa kuku hupoa na kumzunguka kama shuka. Jaribu vipande viwili vya barafu, kimoja kwenye sahani, kingine kwenye glasi ya maji, uone kipi kinatangulia kwisha.

1. Mtie kuku kwenye mfuko usiovuja. Ushushe majini taratibu mdomo ukiwa juu; maji yenyewe yatasukuma hewa nje, kisha funga. Hewa ikibaki humo, ile shuka umeingia nayo. Mfuko ukivuja, nyama hunyonya maji na vijidudu huhama kati ya kuku na beseni.

2. Mzamishe wote. Kuku aliyeganda huelea, kwa hiyo mkandamize kwa sahani nzito.

3. Angalia ubaridi wa maji. Huku pwani ndipo wengi hukosea: maji ya tenki lililopigwa jua hutoka bombani yakiwa vuguvugu. Ongeza barafu, au tumia maji ya mtungi, yasizidi nyuzi 21. Maji ya moto usiyaguse kabisa. Nje nyama huanza kupikika, bakteria huzaliana kwenye uvuguvugu, na katikati bado jiwe.

4. Badilisha maji kila nusu saa, na katikati ya hapo yakoroge kidogo, maana yaliyogusana na mfuko hupoa sana na kazi hupungua.

Jumamosi nilimtia kuku wa uzito huo kwenye lita kumi. Nilipobadilisha mara ya pili, paja lilikunjika vizuri, nikadhani tayari. Kumbe kifuko cha maini na filigisi kilikuwa kimeganda tumboni kama kokoto. Nikakichomoa, nikafunga mfuko tena, dakika ishirini zikatosha. Siku hizi nakagua mahali pawili: kiungo cha paja na ndani ya tumbo. Mapaja ya nusu kilo huchukua saa moja au pungufu.

5. Mpike papo hapo. Usimrudishe friza akiwa mbichi; ukishampika, unaweza kumgandisha. Beseni na sinki vioshwe kwa sabuni kabla kachumbari haijasogea karibu.