Somo: Kukagua risiti ya EFD iliyosomwa na programu kabla ya kudai kodi ya manunuzi

Wengi sasa tunapiga picha risiti, programu inatoa data, data inaingia kwenye jedwali la VAT. Shida ni kwamba jedwali halionyeshi karatasi ilikuwaje. Sehemu tupu kwenye jedwali inaweza kuwa imejaa kwenye risiti, na sehemu iliyojaa inaweza kuwa tupu kabisa. Nitatumia risiti moja ya Tanzania Bara: nondo 100 za milimita 12. Programu ilitoa hivi (namba nimezificha):

```
TIN: ***-***-218
VRN:
CUSTOMER NAME:
CUSTOMER ID: ***-***-218
TOTAL EXCL OF TAX: 2,500,000
TOTAL TAX: 450,000
TOTAL INCL OF TAX: 2,950,000
```

Hatua ya 1: anza na muuzaji. Sheria ya VAT ya 2014 inataka jina lake, TIN na VRN. Hapa VRN haipo, na bila VRN hakuna dai. Usikimbilie kuikataa lakini, fungua picha. Kwenye picha VRN ilikuwepo, ila karatasi ilikunjwa palepale. Niliijaza kwa mkono na kuandika "imesomwa kwenye picha". Mngekuta pale pameandikwa NOT REGISTERED, hadithi ingeishia hapo: muuzaji hajasajiliwa VAT.

Hatua ya 2: mnunuzi. Hapa ndipo watu wanapoteza fedha. CUSTOMER ID imejaa, kwa hiyo ukaguzi wa "ipo au haipo" unapita. Itazame tena: inaishia na 218, sawa na TIN ya muuzaji, na ya kwetu inaishia na 640. Kwenye picha mahali pa mnunuzi palikuwa peupe. Programu ilichukua namba ya juu ikaishusha. Kwa hiyo usiulize tu kama sehemu imejaa, linganisha na TIN yako mwenyewe. Hii tuliikataa, ingawa mwanzoni ilionekana nzima kuliko VRN.

Hatua ya 3: bidhaa na fedha. Maelezo yaonyeshe kitu na idadi. "Bidhaa mbalimbali" mimi siipokei. Kisha hesabu: 2,500,000 × 0.18 = 450,000, sawa. Ikigoma, usiseme programu imekosea kabla hujatazama herufi zilizo kando ya bidhaa. A ni asilimia 18, C ni sifuri, E ni msamaha. Risiti yenye A na E pamoja haiwezi kutoa asilimia 18 ya jumla yote.

Hatua ya 4: hakiki. Chukua RECEIPT VERIFICATION CODE na muda wa risiti, ingiza kwenye verify.tra.go.tz, ulinganishe tarehe, jumla na majina. O na 0 ndizo zinazosumbua zaidi kwenye msimbo huo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, ile ya nondo hatuwezi kuandika TIN yetu kwa kalamu?*
Hapana, dada. Mashine ya muuzaji ilishatuma taarifa TRA bila jina lako. Kalamu yako haibadilishi kilichotumwa. Mrudie akutolee nyingine. Atasita, na ana sababu: asipofuata utaratibu wa kuifuta ya kwanza, mauzo yake yatahesabiwa mara mbili. Ndiyo maana nenda mapema, kabla hajafunga hesabu za mwezi. Ritani yenyewe inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

*Mwanachama wa Mbeya: Nikichelewa kuipata je?*
Unaidai kwenye mwezi utakaokuwa nayo mkononi, ilimradi miezi sita haijapita. Weka ya nondo kwenye orodha ya "inasubiri", usiifute, maana ukiifuta utaisahau.

*Mwanachama wa Arusha: Muuzaji wangu anatoa ankara nzuri ya karatasi kubwa, TIN na VRN zote zipo, mhuri upo. Programu inasema imekamilika.*
Kaka, tafuta msimbo wa uhakiki. Kama haupo, hiyo ni ankara ya kukuomba malipo tu. Dai risiti ya EFD uiambatanishe.

*Mwanachama wa Mwanza: Risiti ikifutika wino?*
Ile karatasi hufifia kwa joto, hasa ukiiacha ndani ya gari. Msimbo na muda ukiwa bado unasomeka, ivute kwenye ukurasa wa uhakiki uichapishe. Visiposomeka hata kwenye picha, rudi dukani.

*Mwanachama wa Tanga tena: Zikikamilika zote, basi tunadai?*
Bado tazama kilichonunuliwa. Gari dogo la abiria la ofisi au sherehe ya wafanyakazi vinaweza kuwa na risiti safi kabisa, na kodi yake isidaiwe.